Milioni 2 mkononi: kupunguza mkopo au kuwekeza?

*Swali: Mtaalamu, mkopo wangu wa benki umebaki milioni 6, riba asilimia 15 kwa mwaka, miezi 36, rejesho 207,992 kila mwezi. Nimepata milioni 2. Benki wanasema nikiziingiza zote kwenye mkopo nitaokoa riba ya 884,000. Rafiki yangu anasema niziweke kwenye mfuko wa uwekezaji unaotoa asilimia 13, maana kwa miaka mitatu zitazaa 948,000. Naona ana hoja, lakini 13 si ndogo kuliko 15? Nani kakosea? Nina akiba ya dharura ya 800,000, matumizi yangu pamoja na rejesho ni kama 400,000 kwa mwezi, na kipato changu hupanda na kushuka.*

Hakuna aliyekosea kuzidisha wala kujumlisha. Nimezirudia hesabu zote mbili na zimetoka vilevile. Kosa limeingia pale zilipowekwa kwenye mzani mmoja, kwa sababu moja inaishia mwezi wa 23 na nyingine inaendelea mpaka mwezi wa 36.

Angalia benki walivyofika kwenye 884,000. Ukiingiza milioni 2 leo, deni linabaki milioni 4. Ukiendelea kutoa rejesho lilelile la 207,992, deni linakwisha mwezi wa 23, na rejesho la mwezi huo wa mwisho ni kama 28,000 tu. Benki wamejumlisha riba ambayo hutailipa, wakafunga daftari, kwa sababu kwao mkopo umekwisha. Rafiki yako yeye ameziacha milioni 2 zikue miezi yote 36. Sasa jiulize: kuanzia mwezi wa 23 mpaka wa 36, zile 207,992 za kila mwezi ziko wapi? Ukifuata njia ya rafiki yako, bado unazipeleka benki, maana mkopo wako ungali hai. Ukifuata njia ya kupunguza deni, zimebaki kwako. Ila hesabu ya 884,000 haikuzipa kazi yoyote. Imezichukulia kana kwamba zimekaa chini ya godoro miezi 13 na zaidi.

Ili ulinganisho uwe wa haki, njia zote mbili zianze siku moja, ziishe siku moja, na kila mwezi zitoke fedha zilezile mfukoni mwako. Tuzipeleke zote mpaka mwezi wa 36, na tumpe rafiki yako kila anachodai: asilimia 13 kamili, bila kodi, bila ada, bila mwezi mbaya hata mmoja.

Kwa njia yake, mwezi wa 36 mkopo umekwisha na kwenye mfuko kuna takriban 2,948,000. Kwa njia ya kupunguza deni, mkopo unakwisha mwezi wa 23. Mwezi huohuo inabaki kama 180,000 ya rejesho, unaiweka kwenye mfuko uleule wa asilimia 13, na kila mwezi unaofuata unaweka 207,992 badala ya kuzipeleka benki. Mwezi wa 36 mkopo haupo, na kwenye mfuko kuna takriban 3,094,000. Kupunguza deni kumeshinda kwa kama 146,000. Ile ziada ya 64,000 aliyoiona rafiki yako ilitokana na kusimamisha saa moja mapema kuliko nyingine.

Mashaka yako juu ya 13 na 15 yalikuwa sahihi tangu mwanzo, na unaweza kuyathibitisha kwa kuangalia mwezi mmoja tu. Milioni 2 zikibaki ndani ya deni, mwezi huu zinatozwa riba ya 25,000. Zikiwa kwenye mfuko, mwezi huu zinazaa 21,667. Unapoteza 3,333 mwezi wa kwanza, na hakuna mwezi wowote mbele ambapo uwiano huo unageuka. Utasikia hoja kwamba riba ya mkopo inapigwa kwenye salio linaloshuka ilhali uwekezaji unazaa juu ya mazao yake, kwa hiyo hata asilimia ndogo ya uwekezaji inashinda asilimia kubwa ya mkopo. Hoja hii imewapotosha watu wengi makini. Salio linashuka kwa sababu wewe unalishusha, kwa fedha yako, kila mwezi. Kila senti iliyobaki ndani ya deni bado inatozwa asilimia 15 nzima mpaka siku utakapoitoa.

Mpaka hapa nimeikubali ile asilimia 13 kama ilivyotajwa. Haipaswi kukubaliwa hivyo. Ukiona mfuko umeandika asilimia 13, uliza mambo mawili: je, ada ya uendeshaji imeshatolewa, na je, kodi imeshakatwa? Mifuko mingi hutangaza mapato baada ya ada lakini kabla ya kodi. Tuseme mahali ulipo faida ya namna hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15. Basi 13 inakuwa 11.05. Kwa kiwango hicho milioni 2 zako zinazaa kama 782,000 kwa miaka mitatu, wala si 948,000, na tukirudia ule ulinganisho wa haki, kupunguza deni kunashinda kwa takriban 279,000. Riba unayoiepuka kwa kulipa deni haikatwi kodi, kwa sababu hukupokea kitu. Umeacha tu kulipa. (Kama mkopo ni wa biashara na sheria ya kwenu inakuruhusu kuitoa riba yake kwenye mapato kabla ya kodi, hapo gharama halisi ya mkopo nayo inashuka chini ya 15, na lazima upande huo pia uhesabiwe baada ya kodi.)

Geuza hesabu hiyo upate kipimo cha kutumia kila utakapoletewa mpango wa uwekezaji. Gawa 15 kwa 0.85, unapata 17.65. Uwekezaji unaokatwa kodi ya asilimia 15 lazima utoe asilimia 17.65 kwa mwaka ili ulingane tu na kulipa mkopo wako. Tena utoe kwa uhakika uleule, maana riba unayoiepuka ni ya uhakika mradi kiwango cha mkopo hakibadiliki. Hati fungani za serikali au amana ya muda maalumu zikikupa zaidi ya hapo, wekeza bila kusita. Lakini mahali ambapo benki inakopesha watu kwa asilimia 15, ni nadra serikali ya hapo ikakopa kwa 17.65, kwa sababu mkopeshaji angeipa serikali fedha hizo na kukuacha wewe. Mambo hugeuka pale mkopo unapokuwa wa nafuu isiyo ya kawaida: mkopo wa mwajiri wa asilimia 5, kwa mfano, au mkopo wa zamani uliofungwa kwa riba ndogo kabla viwango havijapanda. Mwenye mkopo wa namna hiyo, na hati fungani inayompa asilimia 10 mkononi baada ya kodi, hana sababu ya kuharakisha kulipa.

Hisa je? Hapo ndipo watu hutaja asilimia 20 na zaidi. Kuna miaka zinatoa hivyo kweli. Ila kuwa mwangalifu na neno wastani. Hisa zikipanda asilimia 30 mwaka huu na kushuka 20 mwaka ujao, mtu atakwambia wastani ni asilimia 5 kwa mwaka. Fuata fedha yenyewe: milioni 2 zinakuwa milioni 2.6, kisha zinashuka mpaka 2,080,000. Kwa miaka miwili umepata 80,000, yaani chini kidogo ya asilimia 2 kwa mwaka. Kushuka kunakula kuliko tarakimu zake zinavyoonyesha, kwa sababu kunakula kwenye fungu lililokwisha kukua. Mwenye miaka 15 mbele yake anaweza kuvumilia mabonde hayo. Mkopo wako una miaka mitatu, na miaka mitatu ni muda mfupi mno kuipima hisa dhidi ya asilimia 15 ya uhakika.

Mfumuko wa bei nao hutajwa sana, kwamba unaumeng'enya mkopo kwa hiyo usiharakishe kuulipa. Unaumeng'enya kweli, na unaimeng'enya faida ya mfuko kwa kiwango kilekile. 15 na 11.05 zote ni tarakimu ambazo mfumuko haujatolewa, hivyo nafasi kati yake haibadiliki.

Kabla hujafanya lolote, hakikisha 15 yako ni ya salio linalopungua. Kwa namba ulizonipa naona ni hivyo, lakini ithibitishe kwenye taarifa ya mkopo: mwezi wa kwanza katika 207,992 riba iwe 75,000, na mwezi wa pili ishuke hadi kama 73,300. Ikiwa riba ni ileile kila mwezi, basi inapigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata ile sehemu uliyokwisha kuirudisha. Mikopo hiyo hutangazwa kwa asilimia inayoonekana ndogo. Milioni 6 kwa asilimia 8 ya namna hiyo, kwa miaka mitatu, ina rejesho la 206,667, karibu sawa kabisa na lako. Kwa salio linalopungua, hiyo asilimia 8 ni sawa na kama 14.5. Mtu akiilinganisha 8 hiyo na 13 ya mfuko atakimbilia kuwekeza huku anapoteza. Na kuna jambo la pili kwa mikopo hiyo: baadhi ya mikataba inakudai riba yote hata ukilipa mapema, na hapo kulipa mapema hakuokoi chochote. Njia ya kujua ni moja: omba kwa maandishi kiasi cha kumaliza mkopo leo, ukilinganishe na jumla ya marejesho yaliyobaki. Yakikaribia kuwa sawa, fedha yako ipeleke kwingine.

Uliza pia ada ya kulipa kabla ya muda. Tuseme ni asilimia 2 ya kiasi unachoingiza: kwa milioni 2 ni 40,000, na mpaka mwezi wa 36 itakuwa imemega kama 60,000 kutoka kwenye ushindi wako wa 279,000. Bado inafaa. Ada huuma mwishoni mwa mkopo. Ukibakiwa na marejesho manne, deni ni kama 806,600 na riba iliyobaki ndani yake ni kama 25,000 tu. Ada ya asilimia 2 inachukua 16,000 kati ya hizo. Hapo heri uache mkopo uishe wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wewe umeliweka mwisho wa swali na mimi naliona kubwa kuliko tofauti ya 13 na 15. Kipato chako hupanda na kushuka, na akiba yako inabeba miezi miwili tu. Fedha ukishaiingiza kwenye mkopo hairudi. Na jambo linalowashtua wengi ni kwamba kulipa milioni 2 leo hakukupi likizo mwezi ujao. Rejesho la 207,992 linadaiwa tarehe yake ileile kana kwamba hujalipa kitu. Nimemwona mteja aliyeingiza kila alichokuwa nacho kwenye mkopo, miezi minne baadaye kazi ikasimama, na mkopeshaji yuleyule aliyepokea furushi lile akaanza kumtoza faini ya kuchelewa. Deni lake lilikuwa limeshuka sana. Alichokosa ni fedha ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo mimi nisingeingiza milioni 2 zote. Ningechukua 800,000 niongeze kwenye akiba ya dharura ifike 1,600,000, yaani miezi minne ya matumizi pamoja na rejesho, na 1,200,000 zinazobaki ndizo ziende kupunguza deni. Zile 800,000 ziweke kwenye huohuo mfuko wa rafiki yako, mradi uwe ule unaowekeza kwenye dhamana za muda mfupi na amana za benki, na unaokulipa ndani ya siku chache ukiomba. Hapo hazitakupa asilimia 15, zitakupa 11.05. Pengo hilo ni kama 32,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya kuwa na miezi miwili zaidi ya kupumua, na naiona bei ndogo. Ukikwama bila akiba ukakopa 400,000 kwa wakopeshaji wa haraka wanaotoza asilimia 10 kwa mwezi, mwezi mmoja tu utakugharimu 40,000.

Ukiingiza 1,200,000, deni linashuka hadi 4,800,000. Kama una lahajedwali, idadi ya miezi itakayobaki unaipata hivi:

```
=NPER(0.0125,-207992,4800000)
```

Jibu ni kama 27.4, maana yake marejesho kamili 27 na dogo la mwisho mwezi wa 28. Unamaliza miezi minane kabla ya wakati, na riba unayoiokoa ni takriban 589,000. Kisha hakikisha kinachobaki mwezi wa 28, na zile 207,992 nzima kuanzia mwezi wa 29, zinaingia kwenye uwekezaji kwa maagizo ya kudumu ya benki, zitoke tarehe ileile rejesho lilipokuwa likitoka. Ushindi wote niliouhesabu juu unategemea hilo. Mtu akizila baada ya mkopo kwisha, rafiki yako atakuwa amemshinda kwa fedha iliyoko mkononi mwezi wa 36, ingawa hesabu ilikuwa upande wake.

Benki watakuuliza kama unataka kupunguza muda au kupunguza rejesho. Wengi hushauriwa wapunguze muda kwa sababu riba inayookolewa ni kubwa zaidi, na hilo ni kweli: rejesho likibaki vilevile, deni linakwisha haraka. Lakini kwa mwenye kipato kama chako kuna njia ninayoipenda zaidi, kama mkataba hautozi ada kila unapozidisha malipo. Omba rejesho lipunguzwe. Kwa deni la 4,800,000 na miezi 36, litashuka hadi kama 166,400. Kisha wewe endelea kulipa 207,992 kwa hiari, ile ziada ya 41,600 ikipunguza deni. Matokeo ni yaleyale ya kupunguza muda, ila mwezi mbaya ukija unadaiwa 166,400 tu na hakuna faini. Kama kila ziada inatozwa ada, punguza muda tu.

Barua yako kwa benki iseme wazi kwamba 1,200,000 ni za kupunguza deni la msingi, na itaje tarehe. Bila maneno hayo, baadhi ya wakopeshaji huzihesabu kuwa marejesho ya miezi ijayo yaliyolipwa mapema, wakazishikilia pembeni na kuzikata kidogokidogo, huku riba ikiendelea kupigwa kwenye salio la zamani. Peleka fedha mara tu baada ya rejesho la mwezi kukatwa, kisha subiri taarifa ya mwezi unaofuata na uangalie mstari wa riba. Uwe 60,000, au zaidi kidogo kwa siku zilizopita kabla fedha haijaingizwa. Ukiona 75,000, fedha yako imeshikiliwa pembeni. Rudi na nakala ya barua siku hiyohiyo, udai wairekebishe kuanzia tarehe uliyolipa.